Bei Imepanda: Ukinyamaza, Umejibu Nini?

Mwaka jana jirani yangu mwenye saluni alikatiwa Wi-Fi Jumamosi saa nne asubuhi. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye viti, runinga ikakwama katikati ya wimbo, na yeye akaapa mbele ya kila mtu kwamba alikuwa amelipa. Na kweli alikuwa amelipa. Alikuwa na ujumbe wa malipo kwenye simu, namba ya muamala na kila kitu. Shida ilikuwa moja tu: alilipa bei ya zamani.

Wiki kadhaa kabla, kampuni ya mtandao ilikuwa imetuma ujumbe kwamba bei ya kifurushi chake inatoka shilingi 2,500 na kuwa 2,999. Aliusoma, akasonya, akaendelea na kazi. Kwenye simu yake kulikuwa na ratiba ya malipo aliyoiweka zamani, inayotuma 2,500 kwa namba ya Paybill kila mwezi. Ratiba haisomi ujumbe wa kupandisha bei. Ilituma 2,500 kama kawaida, pesa ikaingia kwenye akaunti yake huko kampuni, lakini mfumo wao ukaona haitoshi mwezi mzima, ukaiweka kando kama salio na kuzima mtandao. Kwa haraka ya Jumamosi akalipa 2,999 nyingine nzima nzima ili wateja wasiondoke. Wiki mbili baadaye ndipo alipojua ana 2,500 zimelala huko, wakati alihitaji kuongeza 499 tu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kwenye dawati letu la wateja tunapokea simu nyingi za namna hii, na karibu kila mpigaji anaamini hajaamua chochote kuhusu bei mpya. Mimi naona ameamua, ila hakujua. Mtu akipandishiwa bei halafu akanyamaza, ule unyamavu una maana, na maana yake inategemea jinsi unavyolipa.

Unalipa kwa njia gani?

Kabla hujapiga hesabu yoyote, jiulize pesa inatokaje kwako. Kuna njia tatu, na kila moja inatafsiri unyamavu wako tofauti.

Kama unalipa mwenyewe kila mwezi, unaingiza namba ya Paybill, unaandika kiasi, unaweka namba ya siri, basi kunyamaza ni kukatiwa. Hakuna anayeweza kukutoza bila wewe kubonyeza. Hii ndiyo njia yenye usumbufu zaidi, lakini pia ndiyo inayokupa nafasi ya kufikiri kila mwezi.

Kama una ratiba ya malipo, yaani umeagiza simu itume kiasi fulani tarehe fulani, kunyamaza kunakupeleka pale jirani yangu alipofika. Ratiba hutuma kile kiasi ulichoandika, si kile unachodaiwa. Pesa inatoka, huduma inakatika, na salio linabaki upande wa pili. Hiyo pesa haijaibiwa, imo kwenye akaunti yako ya huduma, lakini usipoiulizia unaweza kuisahau.

Njia ya tatu ni kadi, iwe ya benki au ile ya mtandaoni inayounganishwa na pesa za simu, uliyoiacha kwenye huduma ya filamu, muziki au nafasi ya kuhifadhi picha. Hapa kunyamaza mara nyingi ni kukubali. Huduma yenyewe ndiyo inayoomba pesa, na siku ikifika inaomba bei mpya.

Watu wengi hufikiri kwamba wakiacha kadi bila pesa wamejitoa. Hapana. Huduma nyingi zikikosa pesa leo hujaribu tena kesho, na tena baada ya siku kadhaa. Nimewasikia wateja waliotozwa siku ile ile waliyoweka pesa ya karo, kwa huduma waliyodhani waliachana nayo kitambo. Kufuta programu kwenye simu nako si kujitoa. Kama ulijisajili kupitia Google Play, usajili unaufungia ndani ya Play Store kwenyewe: bonyeza picha yako, kisha Payments & subscriptions, kisha Subscriptions, chagua huduma, ndipo utaona Cancel subscription. Kwenye iPhone unaingia Settings, unabonyeza jina lako, kisha Subscriptions.

Hapo kwenye Google Play kuna jambo moja la kuangalia. Nyongeza nyingine hudai ukubali kwanza, na usipobonyeza kukubali, usajili unakoma siku ya malipo yajayo. Nyingine ni taarifa tu, na usipojitoa unatozwa. Huwezi kukisia ni ipi. Soma ule ujumbe uone kama unakuomba ukubali au unakuarifu tu.

Na ukisema ujumbe, hakikisha ni wa kweli. Matapeli wanapenda sana msimu wa bei kupanda. Ujumbe unaokwambia ubonyeze kiungo “ubaki kwenye bei ya zamani”, au utoe namba yako ya siri, ufute. Fungua programu ya huduma yenyewe, au piga namba iliyo kwenye risiti yako ya zamani, uulize bei kutoka huko.

Tarehe yao na tarehe yako

Mwaka huu ujumbe umekuja tena. Jirani yangu, maskini, alikuja kwangu jioni hiyo hiyo simu mkononi. “Kijana wangu, hawa watu wananipandishia tena. Nihame?” Nikamwambia, “Mama, kaa kwanza tuangalie tarehe.”

Ujumbe ulifika tarehe 12 Mei. Ulisema kifurushi chake cha Mbps 15 kitatoka 2,999 hadi 3,499 kuanzia tarehe 1 Juni. Yeye alisoma “1 Juni” akaona ana wiki mbili na siku chache. Lakini kifurushi chake ni cha kulipia kabla, na kilikuwa kinaisha tarehe 27 Mei. Akilipa siku hiyo, analipa bei ya zamani, kwa sababu bei mpya bado haijaanza. Siku 30 kutoka hapo zinamfikisha tarehe 26 Juni. Kwa hiyo bei mpya ingemgusa tarehe 26 Juni, si tarehe 1. Badala ya wiki mbili alikuwa na zaidi ya wiki sita za kufikiri na kujaribu.

Angalia pia kwamba ni siku 30, si mwezi. Mei ina siku 31, ndiyo maana tarehe yake ilirudi nyuma kutoka 27 hadi 26. Ukiwa na ratiba inayotuma kila tarehe 26 bila kubadilika, baada ya miezi kadhaa huduma inaweza kuisha kabla ya pesa kufika, na utalaumu mtandao bure. Weka ratiba itangulie siku tatu nne hivi.

Akaniuliza swali zuri sana: je, akilipa miezi mingi sasa, kabla ya Juni, si ataokoa? Nyongeza ni 500 kwa mwezi, maana yake 6,000 kwa mwaka. Akilipa mwaka mzima kwa bei ya zamani ni 35,988. Kwenye karatasi inavutia.

Mimi nilimkataza, na nitakwambia kwa nini. Kwanza, huwa kuna mtego kwenye hesabu. Kampuni nyingi zikipokea pesa nyingi kwa mpigo haziiweki kama miezi 12, zinaiweka kama salio la shilingi. Kila mwezi zinakata kutoka kwenye salio hilo kwa bei ya mwezi huo. Ukituma 35,988 leo, mwezi wa Juni wanakata 3,499 kama wanavyomkata kila mtu, na pesa yako inaisha ukiwa na miezi kumi na kidogo tu, si kumi na mbili. Kwa hiyo kabla ya kulipa mbele, uliza kwa maandishi, kwenye chati au barua pepe: “Pesa hii itahesabiwa kama miezi kwa bei ya sasa, au kama salio?” Usitume hadi wajibu.

Pili, hata wakikubali kuihesabu kama miezi, chumba cha saluni anakodi kwa mwezi. Mwenye nyumba akimwambia ahame Septemba, hiyo pesa ataifuata vipi? Ukilipa kwa Paybill ya kampuni, pesa hairudi kirahisi kama ile uliyoituma kimakosa kwa mtu. Kampuni yenyewe lazima ikubali. Na kama ingebidi akope kwa simu ili alipe mbele, ada ya mkopo ingekula hiyo faida.

Acha hasira ya asilimia

“Lakini wameongeza karibu asilimia 17!” akasema. Ni kweli. Ila asilimia inakwambia kampuni imepanda kiasi gani, haikwambii wewe ufanye nini. Tukaacha asilimia tukahesabu kazi.

Mtandao wa saluni unafanya nini? Runinga moja inacheza muziki kutoka asubuhi hadi jioni. Simu yake, simu za wasaidizi wawili, na wateja wawili watatu wanaosoma WhatsApp na kutazama video fupi. Basi. Video moja ya HD kwenye runinga inahitaji kama Mbps 5. Simu zikigawana 5 nyingine, WhatsApp na video fupi zinaenda vizuri. Yaani kazi yote inatosha kwenye Mbps 10, na amekuwa akilipia 15 tangu siku ya kwanza kwa sababu kijana aliyekuja kufunga rauta alimwambia “hii ndiyo nzuri”.

Je, angeweza kuacha Wi-Fi kabisa na kutumia bando za simu? Hapa wengi hujidanganya. Saa moja ya video ya HD inaweza kula GB 2 hivi. Runinga ikicheza saa nane kwa siku, hizo ni GB 16 kwa siku. Hakuna bando ya kawaida itakayombeba mwezi mzima kwa 3,499. Lakini kama wewe ni mtu wa kutazama mpira Jumamosi na Jumapili tu nyumbani, hesabu yako inaweza kugeuka kabisa, na Wi-Fi ya mwezi mzima ikawa ndiyo anasa. Ndiyo maana sipendi ushauri wa jumla wa “hama” au “vumilia”.

Kulikuwa na kampuni nyingine inayopita mtaani na vipeperushi: Mbps 15 kwa 2,799. Ukilinganisha na 3,499, unaokoa 700 kila mwezi. Lakini kufungiwa ni 3,500 mara moja. Gawanya 3,500 kwa 700, unapata miezi mitano. Kwa miezi mitano ya kwanza hujaokoa hata shilingi, umerudisha tu gharama ya kuhama. Na bei ya kwenye kipeperushi, uliza ni ya kudumu au ni ya miezi mitatu ya kwanza ya kukuvuta.

Kisha tukatazama orodha ya bei mpya ya kampuni yake mwenyewe. Mbps 10 kuanzia Juni ni 2,499. Hata ile ya Mbps 10 imepanda, lakini iko chini ya alichokuwa akilipa mwezi huu. Hakuna gharama ya kufungiwa, hakuna rauta ya kurudisha, na ikishindwa anaweza kupanda tena.

Nyongeza ni ya nani?

Kuna swali jingine la kuuliza kabla ya kuhama: nani amepandisha, kampuni au serikali? Jibu linabadilisha uamuzi.

Kama ni kodi, washindani wote wanaibeba, na kuhama hakutakuokoa. Mfano ulio karibu nasi ni wa Sheria ya Fedha ya 2023. Kuanzia Julai 2023 ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Ushuru huo hutozwa kwenye ada, si kwenye pesa unayotuma. Ada ya shilingi 25 kabla ya ushuru ilitoka 28 hadi 28.75. Mtu aliyekimbia mtandao mmoja wa pesa kwenda mwingine kwa sababu ya senti hizo 75 alizikuta zinamngoja huko.

Sheria hiyo hiyo ilishusha ushuru wa simu na intaneti kutoka asilimia 20 hadi 15. Kwa hiyo usikubali tu neno “kodi” kwa sababu limeandikwa kwenye ujumbe. Uliza kodi gani, imetoka ngapi hadi ngapi, na tangu lini. Kama kampuni imejiongezea yenyewe, sema mfanyakazi wao wa huduma kwa wateja atakuwa na nafasi ya kukupunguzia kitu, hata kama ni mwezi mmoja wa bure. Kama ni kodi, hana.

Na huduma zinazotoza kwa dola zina tabia yao. Bei inaweza kubaki ile ile kwao, na wewe ukalipa zaidi kwa sababu shilingi imeshuka. Hapo angalia kiasi kilichotoka kwenye kadi yako miezi mitatu iliyopita, si bei iliyoandikwa kwenye tovuti.

Piga simu kabla ya siku ya malipo

Nilimsihi apige simu akiwa na siku mkononi, si siku ya kukatiwa. Mtu anayepiga akiwa amekatiwa anaomba kuwashiwa. Mtu anayepiga siku kumi kabla anazungumza biashara. Alisema hivi, kwa upole wake: “Nimekuwa na nyinyi miaka mitatu. Bei mpya siiwezi. Mna nini cha kunipa, la sivyo nishuke hadi Mbps 10.” Walimjibu kwamba bei haipunguki, lakini kushuka kifurushi ni bure na kunaanza siku ya malipo yajayo. Akaomba hayo maneno kwa ujumbe. Wakatuma.

Kama uamuzi wako ni kujitoa kabisa, fanya vivyo hivyo, na ufuate mpangilio huu. Jitoe kwanza kwenye huduma yenyewe na upate uthibitisho wenye tarehe. Uliza siku ulizolipia utazitumia hadi lini, kwa sababu huduma nyingi hukuacha umalize. Uliza rauta au kisimbuzi ni chako au ni chao. Kama ni chao, rudisha na upewe karatasi, maana ukiondoka nacho wanaweza kukudai bei ya kifaa. Uliza pia kama una salio, na litarudishwa vipi. Baada ya hapo ndipo ufute ratiba ya malipo kwenye simu. Ukianza na kufuta ratiba, umeacha kulipa tu. Kwa huduma unayotumia kwanza na kulipa baadaye, bili inaendelea kukua huku wewe ukidhani mmeachana.

Siku ya malipo yajayo ikifika, angalia salio lako la pesa. Ukiona umetozwa baada ya kujitoa, una vitu viwili vya kuwaonyesha: ule uthibitisho na namba ya muamala. Anza na kampuni yenyewe na upewe namba ya malalamiko. Wakikuzungusha, huduma za simu, intaneti na utangazaji zinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni. Kwa biashara nyingine, Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya wateja. Sisi tunaokusafirishia pesa tunaweza kukuonyesha pesa ilienda wapi na lini. Hatuwezi kukufungia mkataba ulioufanya na mtu mwingine, na ni afadhali ulijue hilo mapema.

Jirani yangu alilipa 2,999 yake ya mwisho tarehe 27 Mei. Aliifuta ratiba ya zamani, na Juni akalipa mwenyewe, 2,499, siku mbili kabla ya muda kuisha, aone kwanza kama Mbps 10 zinatosha. Wiki ya kwanza runinga ilikwama mara mbili Jumamosi jioni, saluni ikiwa imejaa. Akaishusha video kutoka HD hadi ubora wa chini kidogo, na hakuna mteja aliyegundua. Ratiba mpya ameiweka Julai, ya 2,499, na kwenye kalenda ya simu ameandika tarehe ya kuikagua.